Saa Nane na Dakika Kumi

Pale nyumba ya wageni waliniita Dakika, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa na baba yangu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka wageni uwanja wa ndege na kuwapokea wanaofika, na kwa miaka sita sikuwa nimemchelewesha mtu. Nilikuwa mkali, nakiri. Nilikuwa mkali kwa abiria anayetafuta soksi wakati gari linanguruma nje, kwa fundi anayesema "nakuja" huku amekaa, kwa mke wangu, na zaidi kwa mdogo wake ambaye ndiye aliyekaa mapokezi. Kazi ile nilimtafutia mimi. Basi nikajiona nina haki ya kumkaripia kuliko hata mwenye nyumba.

Kwanza nieleze habari ya saa. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na kila mtu anajua saa mbili asubuhi ni wakati watoto wameshaingia darasani. Tiketi ya ndege haina habari na jua. Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili yetu ya asubuhi imeandikwa 8:00, na saa nane yetu ya mchana imeandikwa 2:00. Tofauti ni sita, na kugeuza ni hesabu ya darasa la pili. Ubaya unakuja ukiandika tarakimu tupu kwenye simu. Aliyeandika anajua alichomaanisha, aliyesoma anajua alichoelewa, na kila mmoja analala usingizi mzuri.

Shemeji yangu alipoanza kazi tulikubaliana vizuri kabisa. Anayeondoka huja na tiketi, yeye anatoa saa ya kumchukua, ananiandikia kama ilivyo kwenye tiketi, kugeuza ni shauri yangu. Akiandika 8:00, mimi najua saa mbili. Akiandika 2:00, najua saa nane mchana, maana uwanja wetu mdogo hufungwa usiku na hakuna mgeni aliyewahi kuchukuliwa saa nane za usiku. Tulikwenda hivyo mwaka mzima bila tatizo. Nikawa sigeuzi tena kwa kufikiri. Jicho likiona mbili, kichwa kinasema nane.

Halafu kukatokea yule mfanyabiashara wa vitambaa. Hakuonyesha tiketi, alisema tu kwa mdomo kwamba anataka gari saa moja asubuhi, na shemeji akaandika kama alivyoambiwa: 1:00. Mimi nikafika saa saba mchana, nimenyoosha shati. Mgeni alikuwa ameshaondoka na gari la mtu mwingine, akiapa kwamba harudi tena.

Nilimfokea shemeji pale pale mapokezi, mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa chai. Nilimwambia kichwa chake ni cha kufugia nywele. Alikuwa anatazama kitabu cha wageni, kalamu mkononi. Mwisho nikamwambia kuanzia leo aandike saa kama watu wanavyosema saa, sitaki tena hesabu za tiketi, nimechoka kufanywa mjinga. Akaitika, "Sawa, shemeji." Nikatoka, nikapiga mlango wa gari, na nilipofika kona ya kwanza nilikuwa nafikiria mambo mengine. Mimi maneno ya hasira huyasahau kabla mate hayajakauka. Anayeambiwa ndiye anayeyabeba.

Siku nne baadaye, Jumatatu jioni, ujumbe wake ukaingia: "Mgeni chumba cha nne, mama mmoja na begi moja, uwanja wa ndege, kesho 2:00. Tafadhali usichelewe shemeji, ana mgonjwa."

Jicho liliona mbili. Kichwa kikasema nane.

Nilifurahi hata, maana breki za mbele zilikuwa zinalia na sasa nilikuwa na asubuhi nzima ya kuzitengeneza. Nikamjibu "Sawa", nikalala.

Asubuhi nilikuwa gereji. Gari lilikuwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele yamevuliwa, na simu nimeiacha inachaji kwenye duka la vipuri la upande wa pili wa barabara. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikambishia fundi kuhusu bei ya mafuta na kuhusu timu yake ya mpira. Mvua ilianza kama saa mbili na robo. Nakumbuka kwa sababu tulihamisha vifaa chini ya bati na mimi nikatazama saa, nikamwambia fundi kwa majivuno kwamba nina abiria saa nane na mimi ni Dakika, asinitanie. Alicheka. Na mimi nilicheka.

Nilipochukua simu ilikuwa karibu saa sita. Ilikuwa imepigwa mara kumi na saba, zote kutoka mapokezi, ya mwisho saa tatu na nusu. Wala hapo sikushtuka. Nilisema moyoni, huyu binti anaogopa nisichelewe, kumbe nilimtia adabu kweli. Nilipompigia, simu yake ilikuwa imezimwa. Nikaenda nyumbani kuoga, nikavaa shati safi, na saa nane kasoro dakika kumi nikasimamisha gari mbele ya nyumba ya wageni. Nikapiga honi mara moja, kwa adabu.

Hakutoka mtu. Nikaingia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, begi amelipakata kama mtoto. Alikuwa amevaa vizuri, nguo za safari, lakini pindo lote lilikuwa limelowa na lina matope. Shemeji alikuwa nyuma ya meza, macho mekundu. Aliniangalia, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia shati langu lililopigwa pasi. 

"Saa hizi ndiyo unakuja?" alisema.

"Si uliandika saa nane?"

"Niliandika mbili. Saa mbili asubuhi."

Nilifungua mdomo nimgombeze. Nilikuwa nimeshapata hata maneno, kwamba kwa nini hakuandika asubuhi, kwamba tiketi imesemaje, kwamba amenigeuzia utaratibu bila kuniambia. Yeye akaongea kabla yangu, kwa sauti ndogo, wala hakuwa na ukali.

"Ulisema niandike kama watu wanavyosema saa. Ulisema mbele ya watu. Nami nikaandika."

Nikaweka ufunguo wa gari juu ya meza yake.

Yaliyobaki akanieleza, kwa vipande vipande, na mama alikuwa anasikia yote. Ndege ilikuwa ya saa tano asubuhi. Meza ya kuandikisha abiria hufungwa saa nne kamili, na kutoka mjini hadi uwanjani ni saa nzima, ndiyo maana akaweka saa mbili, kuwe na nafasi. Mama alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili. Ilipofika saa mbili na nusu shemeji alitoka barabarani mwenyewe kutafuta gari lingine, kwenye mvua, na siku ya mvua kila gari lina mtu. Walipata moja saa tatu na nusu. Walifika saa nne na nusu. Kijana wa mezani aliwaonyesha saa ya ukutani, akawaambia ndege bado ipo lakini orodha imeshafungwa. Mama aliiona ndege kupitia kioo. Alisimama pale akaitazama mpaka ikaondoka.

Na mgonjwa alikuwa mwanawe, wa pekee. Kijana alikwenda nchi nyingine kufanya kazi ya kuchomelea vyuma, akaanguka kutoka juu ya jengo siku tano nyuma. Madaktari walisema ndani mwake kumeharibika sana. Alikuwa bado anaongea, na alichokuwa anakitaka ni mama yake afike. Wenzake kazini walichanga tiketi. Ndege ile ingetua kule saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo. Kwa bahati saa za kule na za kwetu zinakwenda pamoja, jua lao ni jua letu, ila wao wanahesabu kwa tiketi.

Nilipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki. Sikupanga, magoti yalikwenda yenyewe. Nikamwambia mama kosa ni langu, si la binti. Alinitazama muda mrefu, si kwa chuki, kama mtu anayejaribu kukumbuka alishawahi kuniona wapi.

"Kuna saa mbili ngapi, baba?" aliniuliza.

Nikamweleza, kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwao kuna moja tu.

Mchana ule nilimpeleka ofisi ya ndege na tukapata nafasi ya Alhamisi. Shemeji alimwandikia rafiki wa kijana, yule aliyekuwa anamuuguza, kwamba mama amekosa ndege na atafika Alhamisi. Tulimpigia pia, hakupokea. Shemeji alisema wodi ile simu huachwa mlangoni. Usiku ule sikulala. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia breki. Nilikuwa najipa moyo kwamba siku mbili si nyingi, kwamba kijana aliyestahimili siku tano atastahimili saba. Nilihesabu na kuhesabu tena, kana kwamba hesabu zangu zilikuwa zimebaki na thamani.

Jumatano asubuhi nilikwenda mapema kumpelekea mama uji ambao mke wangu alipika. Nilimkuta chumbani kwake, amekaa ukingoni mwa kitanda, simu ameishika kwa mikono miwili. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya mama, analia, na mama ndiye aliyekuwa anambembeleza.

Alinipa simu. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mama pole sana. Ndugu yetu ametutoka jana 8:10. Nitakupigia."

Nilisoma mara tatu. Niliweka uji chini. Sikujua niuweke wapi, nikauweka sakafuni, karibu na viatu vyake.

Mama hakuwa analia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na kwa sauti ya mtu anayeuliza njia akaniambia, "Baba, wewe ndiye unayejua mambo haya. Hiyo ni saa nane yetu, au ni ya tiketi?"

Nilielewa mara moja alichokuwa anauliza. Kama ni saa nane yetu, basi kijana alikata roho mchana, wakati ndege ile ingekuwa bado angani. Hata ningekuja saa mbili kamili kama mtu mwenye akili, asingemkuta. Kama ni ya tiketi, basi inaweza kuwa saa mbili usiku. Basi angetua saa tisa, angefika hospitali saa kumi, na angekuwa na mwanawe saa nne nzima.

"Sijui, mama," nikasema. "Ngoja nimpigie."

Nilitoka nayo nje, mpaka uani, kwenye kamba za kuanikia mashuka. Rafiki alipokea mara ya pili. Nilijitambulisha kuwa dereva. Nikamuuliza habari ya saa tu, nikitaka anijibu neno moja na akate. Lakini alikuwa hajalala na alikuwa na mengi.

Ilikuwa usiku, alisema. Saa mbili na dakika kumi za usiku, na karatasi za hospitali zimeandikwa 20:10. Hakumwambia mgonjwa kwamba mama amekosa ndege. Aliupata ujumbe wetu alipotoka nje saa kumi, akafikiri, akaona hawezi. Kwa hiyo alimwacha aendelee kusubiri. Tangu saa tisa kijana alikuwa anauliza kama ndege imetua. Aliomba anyanyuliwe mto ili aone mlango. Kila mlango ulipofunguka alikuwa anageuza macho, anaona muuguzi, anayarudisha. Mwisho alikuwa hasemi tena, anageuza macho tu.

"Saa tano nzima, kaka," alisema. "Alimsubiri saa tano."

Nilishika shuka mojawapo. Lilikuwa bichi bado. Nilitaka kumwambia anyamaze na nilitaka aendelee mpaka mwisho, maana nilistahili kuyasikia yote. Alipomaliza nilimwambia mama anauliza ilikuwa saa ngapi.  Kisha akauliza nitamwambiaje.

Nilimwambia nitamwambia saa nane mchana.

"Na karatasi?"

"Nani atamsomea?"

Nilimsikia akipumua. Alisema mwili ataufuatilia yeye mwenyewe, atausindikiza mpaka nyumbani, na karatasi zitakuwa kwenye begi lake, hazitatoka. Mama asisafiri tena, hakuna haja, arudi kwake akasubiri na ndugu zake. Halafu akasema jambo ambalo silisahau. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya mama, si kwa ajili yangu.

Nilirudi chumbani. Shemeji alikuwa ameinua kichwa. Nadhani aliniona usoni na akajua, maana amenijua tangu akiwa mtoto, na akafumba macho.

"Ni yetu, mama," nikasema. "Saa nane mchana na dakika kumi."

"Mchana."

"Mchana. Ndege ilikuwa haijatua."

 Kisha mabega yake yakashuka, polepole, na ndipo machozi yalipomtoka. Alilia kwa sauti ya chini, muda mrefu, akimshukuru Mungu katikati ya kilio. Alisema basi haikuwa imeandikwa amkute. Alisema usiku kucha alikuwa anamwona mwanawe akiutazama mlango, na sasa anajua hakuutazama. Akamshika shemeji kidevu, akamwambia, usijilaumu tena mwanangu, umesikia, ilikuwa mchana. Akanigeukia na mimi, akanishika mkono, huu wa kulia, akaniambia nisijilaumu.

Nikamwambia asante, mama. Ningefanyaje?

Ndugu zake walikuwa hawajaambiwa. Walikuwa wengi, wametawanyika, na yeye hakuwa mzoefu wa kuandika kwenye simu. Akaniomba nimwandikie ujumbe mmoja, auseme yeye, niutume kwa wote. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda upande wake. Alitaja jina la mwanawe, la baba yake marehemu, na la ukoo. Alitaja hospitali. Alisema mwili utakuja na rafiki yake, siku itatangazwa.

"Na saa uiweke," akasema. "Watu wataniuliza kwa nini sikufika. Waione wenyewe."

Nikamuuliza kama ni lazima.

"Iweke, baba. Vizuri, wasichanganyikiwe kama sisi."

Shemeji alisimama, akatoka bila kutazama nyuma. Niliandika kwa maneno, herufi kwa herufi, bila tarakimu hata moja, nikaongeza mchana, nikaongeza kwa saa zetu, ili asiwepo popote duniani wa kukosea. Nilimsomea mama. Akasema ndivyo. Nikabonyeza, ukaenda kwa watu thelathini na wanne.